Mjomba yuko ghalani kwao: umtaje wapi ndugu yako kwenye barua pepe ya maombi ya kazi?

Nafasi ilikuwa ya mhasibu msaidizi, kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Binti aliyeniletea barua yake niipitie ana stashahada ya uhasibu, amefanya mafunzo kwa vitendo miezi mitatu kwa wakaguzi wa hesabu, na kwa mwaka mmoja sasa anatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Sifa anazo. Kilichokuwa kinamnyima usingizi ni jambo jingine: mkuu wa ghala wa kampuni hiyo ni mjomba wake, kaka wa mama yake wa tumbo moja. Akaniuliza, "Kaka, nimtaje au ninyamaze? Na nikimtaja, nimweke sehemu gani?"

Nimefanya kazi ofisi ya utumishi kwa miaka kadhaa, nikifungua barua pepe za maombi moja baada ya nyingine, na swali hili nimelipata mara nyingi. Njia ziko nne. Unaweza kuanza na ndugu yako mstari wa kwanza. Unaweza kumweka kwenye aya yake mwenyewe karibu na mwisho. Unaweza kusubiri uitwe kwenye usaili kisha uandike barua pepe ya pili. Au unaweza kukaa kimya. Mimi nina upande wangu, nao ni ile aya karibu na mwisho, lakini si kwa kila mtu, kwa hiyo nitazilinganisha zote kwa kutumia barua ya huyu binti.

Kumtanguliza mjomba

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

> Yah: Maombi ya kazi, mpwa wa Bw. ……… wa ghalani
>
> Shikamoo. Mimi ni mpwa wake Bw. ………, mkuu wa ghala hapo kwenu. Mjomba amenieleza kuwa kuna nafasi ya uhasibu na ameniambia nikuandikie wewe moja kwa moja. Naomba unisaidie kama mwanao. Wasifu wangu nimeambatisha.

Hakudanganya hata neno moja. Uhusiano ameutaja wazi, jina la mjomba lipo, cheo kipo. Wengi huona hapo ndipo uwazi ulipofika kikomo: nimesema, sijaficha. Lakini mtu wa utumishi akiifungua haoni uwazi. Anaona kimemo, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii kimeandikwa na yule anayekibeba. "Ameniambia nikuandikie wewe moja kwa moja" inamwingiza mjomba kwenye maombi, na kuanzia hapo mjomba si mtu aliyetajwa, ni mtu anayeomba pamoja nawe. "Unisaidie kama mwanao" ni heshima ya nyumbani, na nyumbani ina uzito wake, lakini ikishaingia kwenye jalada inasomeka kama ombi la upendeleo.

Fikiria hali ya ofisa huyo. Akimwita binti kwenye usaili, jalada linaonyesha kwamba aliombwa amsaidie mpwa wa mkuu wa ghala, akamwita. Asipomwita, kesho atakutana na mjomba kantini. Njia zote mbili zinamtia doa, na ambalo halimo kabisa kwenye barua ni uwezo wa kulinganisha hesabu za benki. Nimeona barua za namna hii zikiwekwa kando mpaka orodha ya usaili ifungwe, kwa sababu hakuna aliyetaka saini yake ionekane juu yake.

Je, kuna mahali njia hii inafaa? Ipo moja. Kampuni nyingine zina utaratibu rasmi wa wafanyakazi kupendekeza watu, na tangazo lenyewe linakutaka utaje aliyekupendekeza. Hapo mtaje mapema, kwa sentensi moja, kisha useme na undugu wenu hapo hapo. Bila utaratibu huo, kichwa cha barua kibaki na jina la nafasi peke yake.

Aya yake mwenyewe, kabla ya viambatisho

Tulikaa naye saa nzima kibarazani, tukaiandika upya. Hii ndiyo iliyotumwa, nimeondoa majina tu:

> Yah: Maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi
>
> Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
>
> Naomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi mliyoitangaza. Nina stashahada ya uhasibu. Katika mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu, nilikuwa nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na nilishiriki kuhesabu mali ghalani kwa wateja wawili. Kwa mwaka mmoja sasa natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi: mauzo ya kila siku, madeni ya wateja na ritani za kodi ya ongezeko la thamani.
>
> Napenda pia kuweka wazi kwamba Bw. ………, Mkuu wa Ghala katika kampuni yenu, ni mjomba wangu, yaani kaka wa mama yangu, wa baba mmoja na mama mmoja. Yeye ndiye aliyenionyesha tangazo hili. Hajashiriki kuandaa maombi yangu wala sijamweka kuwa mdhamini. Kama taratibu zenu zinanitaka nijaze fomu au nieleze zaidi kuhusu uhusiano huu, niko tayari.
>
> Nimeambatisha wasifu, nakala za vyeti na majina ya wadhamini wawili. Napatikana kwa namba iliyo hapa chini siku zote za kazi.
>
> Natanguliza shukrani,

Tofauti ya kwanza ni mpangilio. Msomaji amekutana na mhasibu kwanza, kisha ndipo akaambiwa mhasibu huyu ana mjomba ghalani. Kwenye rasimu ya kwanza alikutana na mpwa, akaachwa atafute mwenyewe kama mpwa anajua uhasibu.

Tofauti ya pili ni kazi ya ile aya. Ina sentensi nne, na kila moja inajibu swali ambalo ofisa angejiuliza. Ni nani, na ni nani wako kwa hakika? Habari za nafasi ulizipata wapi? Je, ndugu huyo ana mkono wake humu? Na sisi tufanye nini sasa? Sentensi ya nne ndiyo watu huiruka, wakati ndiyo inayomrudishia ofisa usukani. Hujamwomba chochote. Umempa taarifa na kumwambia uko tayari kufuata utaratibu wake.

Utaona hakuna neno la sifa juu ya mjomba, kwamba ni mchapakazi, kwamba ameitumikia kampuni muda mrefu. Sifa yoyote ya ndugu kwenye aya hii inageuza taarifa kuwa kete. Hakuna pia kuomba radhi. Niliikuta kwenye rasimu yake ya pili sentensi ya "naomba hili lisiniathiri," nikaifuta. Hukukosa, na ukiomba radhi utamfanya msomaji aanze kutafuta kosa.

Kwa nini tukataja cheo na idara badala ya kuishia kwenye jina? Hapa ndipo penye kiini, na waombaji wengi hawakijui. Ofisi haiogopi undugu wenyewe. Inaangalia nani anasaini karatasi ya nani. Mkuu wa ghala anapokea mzigo, anaandika kadi ya bidhaa, anatoa mzigo kwa hati. Mhasibu msaidizi anachukua hesabu za ghala na kuzilinganisha na vitabu. Boksi likipungua, ni mhasibu anayetakiwa kupiga kelele. Sasa kama mhasibu huyo ni mpwa wa mwenye ghala, yule anayehesabu na yule anayehesabiwa wamekuwa watu wa nyumba moja, na mkaguzi yeyote ataliandika hilo kwenye ripoti yake. Mjomba huyo huyo angekuwa dereva wa lori au mlinzi wa zamu ya usiku, jambo lingekuwa jepesi zaidi. Ndiyo maana "nina ndugu yangu hapo kwenu" haimsaidii mtu. Inampa wasiwasi bila kumpa kitu cha kupima.

Ndugu gani hasa?

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona hayakutokana na kuficha. Yalitokana na lugha yetu wenyewe.

Angalia barua ya juu inavyoanza: "Ndugu Meneja." Neno hilo hilo tunalomwitia mtu tusiyemjua ndilo tunalomwitia mtoto wa mama yetu. Kaka anaweza kuwa mtoto wa mama yako, mtoto wa baba mkubwa, mwenyeji wa mtaa wenu, au mimi huyu niliyeulizwa swali pale kibarazani, ambaye na binti yule hatuna damu moja. Shemeji ni mume wa dada yako, na pia ni mchumba wa rafiki yako. Baba mdogo anaweza kuwa mdogo wa baba wa tumbo moja, au binamu wa baba anayekuja kwenye misiba tu. Ukivuka kwenda Mombasa au Unguja, ndugu wa kiume wa baba wanamwita ami, na mtu wa bara akisoma "ami yangu" huenda asijue ni nani. Kwa upande mwingine, wapo wanaomwita kila mzee wa ukoo "mjomba," awe wa kwa mama au wa kwa baba.

Sera za kampuni haziongei hivyo. Zinataja mzazi, mtoto, mwenzi, ndugu wa kuzaliwa, na nyingine zinaongeza wajomba, shangazi na wakwe. Ofisa anachukua neno lako na kulitafutia chumba kwenye orodha yake. Ukimwandikia "kaka yangu" kumbe ni mtoto wa baba mkubwa, atakuweka chumba cha ndugu wa kuzaliwa, ambacho masharti yake ni makali zaidi, na umejifungia mlango mwenyewe. Ukimwandikia "binamu" kumbe ni kaka yako wa baba mmoja mama mbalimbali, siku ikijulikana utaonekana ulipunguza makusudi.

Dawa yake ni ndogo: andika neno la nyumbani, kisha pitia kwa mzazi. "Baba yangu mdogo, yaani mdogo wa baba yangu wa baba mmoja." "Shemeji yangu, yaani mume wa dada yangu." "Dada yangu, yaani mtoto wa mama yangu mkubwa. Tumelelewa nyumba moja." Hiyo ya kulelewa nyumba moja iandike kama ni kweli, kwa sababu kisera yeye ni binamu tu, lakini kila mtu pale ofisini atawaona mnavyoishi.

Hilo linanifikisha kwa wale wasio wa damu. Mzee wa jirani aliyekulipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo ni mlezi, na mimi humtaja. Mtu mnayekaa naye nyumba moja na kuchangia kodi, hata kama ni rafiki, humtaja. Mtu wa kijiji kimoja au jina la ukoo lililofanana, bila uhusiano mwingine, simtaji. Kipimo changu ni cha mfukoni: kama mshahara wa mmoja unagusa sahani ya mwingine, weka wazi.

Kabla hujabonyeza tuma, mpigie ndugu mwenyewe

Sentensi ya tatu ya ile aya, "hajashiriki kuandaa maombi yangu," ni sentensi ya ukweli au uongo. Kwa hiyo nilimwambia binti ampigie mjomba kwanza, nikiwa nimekaa pale pale, simu ikiwa na sauti ya juu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeshatuma ile barua?"

"Bado. Nataka kukutaja humo, kwamba wewe ni mjomba wangu. Naomba ruhusa yako."

Kimya kidogo. Kisha, "Si uniachie mimi? Kesho namwona meneja, nitamwambia."

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa mapenzi. Mjomba akienda kwa meneja kumwombea mpwa, ile sentensi ya tatu inakuwa uongo kabla barua haijafunguliwa. Binti alimjibu vizuri kuliko nilivyotarajia: "Mjomba, mweleze tu kwamba mimi ni mpwa wako na nimeomba. Usiniombee." Mzee akakubali, na siku iliyofuata akamwandikia meneja wake mistari miwili kwa barua pepe, akitaja uhusiano na kwamba hatahusika kwa lolote. Hilo ni bora kuliko kusema kwa mdomo koridoni, kwa sababu sasa taarifa mbili, ya mwombaji na ya mfanyakazi, zinasema neno moja na zote ziko kwenye maandishi.

Kama ndugu yako ameshakuombea tayari, usiandike hakushiriki. Andika kilichotokea: "Ninafahamu kwamba amemjulisha meneja wake kuhusu maombi yangu." Inatosha, na ni kweli.

Mambo mawili ya kwenye skrini hapa. Usimweke ndugu kwenye `Cc`, maana ofisa atasoma jina lake juu ya barua na kuelewa kwamba anaangaliwa. Kumweka kwenye `Bcc` ni kubaya zaidi: mzee akibonyeza kujibu wote kwa bahati mbaya, uwazi wote umeanguka. Na usitume barua ipitie kwenye anwani yake ya kazini eti kwa sababu anajua pa kuipeleka. Itume kutoka kwenye anwani yako, kwenda kwenye anwani iliyo kwenye tangazo.

Kusubiri uitwe, kisha kuandika barua ya pili

Njia hii wapo wanaoipenda, na hoja yao ina nguvu. Wanasema: acha nichujwe kwa sifa zangu peke yake, nikifika kwenye orodha ya usaili ndipo niseme. Hivyo hakuna atakayedai nilipita kwa jina la mjomba.

Naikubali katika hali tatu. Kwanza, pale maombi yanapopitia kwa wakala wa ajira ambaye jina la kampuni halitaji kwenye tangazo. Huwezi kutaja ndugu kwenye kampuni usiyoijua. Pili, pale maombi yanapokwenda kwa chombo kingine kabisa. Kazi za serikali Tanzania zinazopita Ajira Portal ni mfano: barua yako inaelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, si kwa taasisi anayofanya kazi shangazi yako. Shangazi hana mahali humo. Neno hilo utalisema ukikutana kwenye jopo na mtu mnayehusiana, au ukishapangiwa taasisi yake. Tatu, pale ulipogundua baadaye. Unatuma maombi Jumatatu, Jumamosi kwenye harusi unamkuta mume wa binamu yako kavaa fulana ya kampuni ile.

Katika hali hizo, barua ya pili iende unapothibitisha kuhudhuria usaili. Iwe fupi:

> Nathibitisha kuhudhuria usaili. Kabla ya siku hiyo napenda mfahamu kwamba Bi. ………, Ofisa Manunuzi katika tawi lenu la Mwanza, ni mke wa kaka yangu wa kuzaliwa. Nililifahamu hili baada ya kutuma maombi. Naliwasilisha sasa ili mpange jopo mkilijua.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo sababu ya kutosubiri mpaka baada ya usaili. Jopo likishakaa na ndugu yako akiwa mmoja wao, kilichofanyika hakifutiki, na huenda usaili wote ukarudiwa, wenzako wakapoteza nauli na siku ya kazi kwa ajili yako.

Kwa binti yetu njia hii haikufaa. Mhasibu anafanya kazi na ghala kila mwezi, hivyo uwezekano wa mkuu wa ghala kuulizwa maoni hata kabla ya usaili ulikuwa mkubwa. Angesubiri, angekuwa amechelewa.

Kunyamaza

Naiweka hapa kwa sababu inaombewa ruhusa mara nyingi kuliko zote. "Hawajauliza, kwa nini niseme?"

Kuna tofauti ya kweli kati ya kutoulizwa na kuulizwa ukakana, na sitaki kuwatisha watu bure. Kama tangazo halikuuliza, fomu haikuuliza, na wewe hukusema, hujadanganya. Lakini fomu ikiwa na kisanduku cha "Je, una ndugu anayefanya kazi hapa?" nawe ukaweka alama kwenye Hapana, umehama upande. Kanuni za Utendaji Bora za ajira Tanzania, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha mtu kuachishwa kazi. Mwajiri atafuata taratibu za nidhamu na utasikilizwa, ila utakuwa unajitetea juu ya mwandiko wako mwenyewe.

Na hujulikana. Haijulikani kwa upelelezi, hujulikana kwa karatasi za kawaida. Siku ya kwanza kazini unapewa fomu ya mtu wa kuarifiwa ukipata dharura. Binti aliyehamia Dar kutoka mkoani, anayekaa kwa mjomba, atamwandika nani? Jina la mkuu wa ghala linaingia kwenye jalada kwa mkono wake mwenyewe, akiwa kwenye muda wa majaribio. Nimewahi kuletewa fomu ya namna hiyo mezani. Mfanyakazi hakuwa mwizi, alikuwa kijana mzuri, lakini swali la bosi lilikuwa moja tu: kwa nini tunalijua leo?

Wakati ambapo maneno hayasaidii

Kuna maombi ambayo hata aya nzuri haitayaokoa, na ni bora kulijua kabla ya kuchapa. Kanuni za watumishi wa Umoja wa Mataifa, namba 4.7, zinazuia kuajiriwa kwa mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa wa mtumishi. Mwenzi anaruhusiwa akiwa na sifa kamili, asipendelewe, na asiwekwe juu wala chini ya mwenzake kwenye mamlaka. Kwa hiyo kijana ambaye mama yake ni mtumishi kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, Nairobi, hana cha kupanga upya kwenye barua yake. Mlango huo umefungwa mama akiwepo.

Hali nyingine ni ndugu kuwa ndiye bosi wa idara unayoomba, au kuwa ndiye anayepokea maombi. Usimtumie yeye maombi yenye aya ya uwazi, maana utakuwa unamweleza yeye uhusiano anaoujua. Tafuta anwani ya ofisi ya utumishi au ya meneja mkuu, uulize kwanza:

> Kabla sijawasilisha maombi ya nafasi ya Ofisa Mauzo, naomba kufahamu kama taratibu zenu zinaniruhusu, kwa kuwa Meneja Mauzo ni baba yangu mdogo, yaani mdogo wa baba yangu wa kuzaliwa. Kama inaruhusiwa, naomba kuelekezwa maombi yangu nimtumie nani.

Wengine watakujibu hapana, na utakuwa umeokoa wiki tatu za kusubiri simu. Wengine watakupa anwani nyingine na kumtoa baba mdogo kwenye mchakato mzima.

Kilichotokea

Binti alituma barua yake Jumatatu asubuhi. Alhamisi akapigiwa simu. Kwenye usaili, baada ya maswali ya hesabu, mmoja wa wajumbe akaiweka mezani ile aya iliyochapwa na kumuuliza: "Mwisho wa mwezi unahesabu ghala, kadi inasema maboksi arobaini, wewe unayaona thelathini na nane. Unamwambia nani kwanza?" Akajibu kwamba anaandika thelathini na nane, anahesabu mara ya pili akiwa na mtu mwingine wa uhasibu, kisha anampa mhasibu mkuu karatasi kabla hajamsemesha mtu wa ghalani.

Nafasi aliipata. Barua ya ajira ilikuwa na kipengele ambacho hakikuwemo kwenye tangazo: kazi zake zitakuwa upande wa ankara za wateja na benki, na hesabu za ghala zitafanywa na kusainiwa na mhasibu mwingine kwa muda wote ambao mjomba wake atakuwa mkuu wa ghala.